Nambari ya Chumba Inapobadilika

Hoteli ya Diani ina fadhila moja ambayo hoteli ya Chaani haina: masafa. Basi la watalii likitoka uwanja wa ndege wa Moi, dereva akikwama kwenye foleni ya feri ya Likoni au akizunguka kupitia Dongo Kundu, mapokezi ya Diani yanapata muda wa kusahihisha makosa yao. Chaani iko jirani na uwanja. Wageni wakishapata mizigo yao, ikiwa malori ya bandarini hayakuziba barabara ya Port Reitz, wako mlangoni kabla karani hajamaliza kunywa chai yake. Kwa hiyo kazi ya huku inafanywa ndege ikiwa bado angani.

Tuchukue kundi la mfano: watu 30, wanatua alasiri, wanalala usiku mmoja, na asubuhi wanaenda Miritini kupanda treni ya saa mbili ya Nairobi. Orodha ya vyumba imetumwa na kampuni ya safari: vyumba 12 vya watu wawili wawili, kimoja cha watatu, na vitatu vya mtu mmoja mmoja. Jumla vyumba 16, bila kuhesabu cha kiongozi wao na cha dereva.

Orodha hiyo inavyofika haitoshi. Inasema nani analala na nani, lakini mara nyingi haisemi wanalalaje. Kati ya vile 12, vingine ni vya dabo, yaani kitanda kimoja kikubwa, na vingine ni vya twini, vitanda viwili. Kampuni ikiandika "watu wawili" tu, karani mwenye uzoefu hapigi ramli. Anampigia kiongozi simu siku moja kabla. Asiyepiga simu atagundua mlangoni kwamba dada wawili wa makamo wamepangiwa dabo, na maharusi wapya wamepewa twini. Wote wanne watakuwa wamechoka na safari.

Baada ya simu hiyo, orodha inachapishwa mara mbili. Ya kwanza inafuata nambari za vyumba, kwa ajili ya wasafishaji na jikoni. Ya pili inafuata majina ya ukoo kwa alfabeti, na hii ni ya mapota. Wengi huipuuza hii ya pili, na ndiyo inayookoa jioni nzima. Pota haoni chumba kwenye begi, anaona jina. Tena jina la begini pengine ni la mke aliyebaki na ukoo wa kwao, wakati orodha imewaandika wote wawili kwa jina la mume. Ndiyo maana kila jina la pasipoti linahitaji mstari wake, hata kama watu wenyewe ni chumba kimoja.

Sasa funguo. Kila chumba kina bahasha yake: nje jina na nambari, ndani kadi mbili, nywila ya Wai-Fai, saa ya chakula cha jioni na saa ya kuamka. Bahasha haifungwi mpaka msimamizi wa usafi aseme chumba kimekaguliwa. "Kimesafishwa" na "kimekaguliwa" ni maneno mawili tofauti, na katikati yake ndipo hukaa taulo lililosahauliwa na choo kisichovuta maji. Wageni wa jana wakitoka saa nne na hawa wakiingia saa tisa, hesabu ni rahisi: chumba kilicholaliwa huchukua kama nusu saa au zaidi kukiandaa upya. Vyumba 16 kwa wasafishaji wawili ni zaidi ya saa nne kila mmoja, bila kupumua.

Kadi zenyewe zina mtego wake. Kwenye kufuli nyingi za kadi, mashine ya mapokezi inatoa kadi za namna mbili: kadi ya mgeni mpya na nakala yake. Kadi ya mgeni mpya ikigusa kitasa, inafuta ile ya mgeni aliyetangulia. Hivyo ndivyo kufuli inavyomzuia wa jana asirudi. Karani mwenye haraka akitengeneza kadi zote mbili za chumba kama za mgeni mpya, hakuna kinachoonekana mwanzoni. Mume anafungua mlango, anaoga, anashuka kula. Mke anatangulia kupanda, anafungua kwa kadi yake. Kuanzia hapo ya mume imekufa. Dalili yake ni hiyo: mgeni analalamika kwamba kadi iliyofanya kazi mchana imekataa usiku, na malalamiko yanakuja kutoka vyumba vya zaidi ya mtu mmoja tu. Dawa ni kutengeneza ya kwanza, kisha nakala, halafu kupanda na kuzijaribu zote mbili kwenye milango miwili mitatu.

Basi likiingia getini, mlinzi anaita, na barafu inatiwa kwenye glasi wakati huo, si kabla. Juisi ya ukwaju hapa inafaa kuliko madafu, kwani madafu yakishafunguliwa hayakai na joto letu, na ukwaju unavumilia ndani ya friji. Ila ukorogwe upya, maana hutuama chini. Barafu iwe ya maji yaliyotibiwa. Lakini wanaodhani kinywaji hiki ni ukarimu tu wamekosa nusu ya jambo. Kazi yake ni kuwaweka watu 30 kwenye viti kwa dakika kumi, mbali na kaunta, ili kiongozi na karani wasimame na orodha moja wakaulizana: kuna asiyekuja? kuna anayetaka kubadilisha?

Hapo ndipo dada wawili na maharusi wanapojitokeza, kama simu haikupigwa. Tuseme dada wako 204 na maharusi 311, na inaamuliwa wabadilishane. Ni maneno mafupi, lakini nambari ya chumba wakati huo imeshaandikwa pahali pengi: kwenye bahasha, kwenye orodha mbili, ndani ya kadi, na nje uani pota ameshaanza kufunga vitambulisho kwenye mabegi. Karani akibadilisha bahasha tu, masanduku ya dada yanapanda 204 na kuwakuta maharusi. Mapota watadhani wamekosea wao, na kumbe wamefuata walichopewa.

Kwa hiyo orodha moja tu ndiyo mama, na kalamu yake inashikwa na mtu mmoja. Badiliko lolote linaandikwa pale kwanza, kisha mtu huyo mwenyewe anatoka nje kumwambia mkuu wa mapota kwa mdomo, na kuangalia kitambulisho cha zamani kikichanwa. Simu ya ndani haitoshi. Pota aliyeinama kwenye buti la basi hasikii simu.

Mizigo inahesabiwa chini ya basi, kabla toroli halijasogea, na dereva na kiongozi wakiwapo. Tuseme ni 41. Idadi hiyo inaandikwa na kutiwa saini. Begi lisilo na jina halipelekwi kwa kubahatisha, linakaa mapokezi mpaka mwenyewe alitafute, na kwa kawaida hachukui nusu saa. Saa kumi na mbili asubuhi mabegi yanawekwa nje ya milango, na hesabu inarudiwa kwenye basi. Yakipatikana 40, anayeulizwa kwanza ni mgeni wa chumba kilichobadilishwa, kwa sababu hapo ndipo begi huwa limesahauliwa nyuma ya mlango wa jirani.