Ajenti Anayejua Kukoma

Nimeonyeshwa hapa Shimoni ajenti wa akili mnemba anayeuza nafasi za mashua za Kisite, na waliokuwapo wakamsifia aliyemuunda kwa sababu tu msimbo una `max_turns=10`. Sifa hiyo imenikera. Kumi ndiyo kiwango cha kawaida cha OpenAI Agents SDK. Asiyeandika lolote anakipata pia. La kuuliza ni nini kinatokea ndani ya hizo hatua kumi.

Mteja anataka nafasi mbili. Ajenti anaita zana ya malipo, simu ya mteja inaomba PIN ya M-Pesa. Daraja inajibu `ResponseCode` 0, yaani ombi limepokewa tu. Matokeo ya malipo yanakuja baadaye. Zana inangoja kidogo, inarudisha "hakuna jibu". Modeli inadhani imeshindwa, inaita tena, na tena. Mteja akiweka PIN mara mbili amelipa mara mbili, na kikomo hakijafikiwa bado.

Hapo fundi mchanga huongeza kizuizi: ombi likifanana na lililopita, lisitumwe. Halafu analinganisha ombi zima. Lakini kila ombi la Daraja lina `Timestamp`, na `Password` hutengenezwa kwa huo huo wakati, kwa hiyo hakuna maombi mawili yatakayofanana hata siku moja. Kizuizi kipo, kinasomeka vizuri, na hakizuii kitu. Cha kulinganisha ni namba ya nafasi iliyowekwa na kiasi cha pesa, basi. Namjua fundi wa Ukunda ambaye haufungui msimbo kwanza. Anaomba kumbukumbu za miito na kuzisoma mstari kwa mstari, akitafuta kilichobadilika bila sababu. Namjua pia aliyeonyesha kazi yake kwenye mazingira ya majaribio, ambako hakupanga jibu lolote lichelewe, akapigiwa makofi.

Kazi nzuri huwa hivi: mwito wa pili wa nafasi ile ile unakataliwa na zana yenyewe, na ajenti anaelekezwa kuuliza hali kwa `CheckoutRequestID`. Ikirudi 1032, mteja ameghairi. Aulizwe, asitumiwe ombi jingine. Isipojulikana, modeli ipewe zamu moja ya mwisho bila zana yoyote mkononi, pamoja na orodha ya yaliyokwisha kufanyika, imwandikie mteja: "Ombi la malipo limetumwa, bado hatujalithibitisha. Tafadhali usilipe tena, karani atakupigia." Karani apate `CheckoutRequestID` hiyo hiyo. Ajenti anayekufa kwa `MaxTurnsExceeded` na kumwacha mteja gatini bila neno, mimi simpokei.

Hatua za kuuza nafasi zisizidi sita. Kwenye menyu za USSD kipindi hukatika chenyewe, na waandishi wa msimbo walihesabu kila skrini. Mkono ule siuoni sana siku hizi. Anayeniletea ajenti sasa namwomba azime jibu la malipo mbele yangu, kisha tusome kumbukumbu pamoja.