Kidole Juu ya Mstari

Wengi huamini kwamba swali la ufahamu hujulikana kwa neno linaloliongoza. Likija na "nani" au "lini", ni swali jepesi, jibu limo kifunguni. Likija na "kwa nini", inabidi kukuna kichwa. Likija na "je, unaonaje", mtu atoe maoni yake. Kanuni hii ni rahisi kukariri, na ndiyo inayowaangusha wengi. Katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE nchini Kenya, ufahamu una alama 15 kati ya 80, na sehemu ya alama hizo huwaponyoka watahiniwa waliokielewa kifungu barabara, ila hawakuelewa wanaulizwa nini.

Tuchukue kifungu kifupi nilichowatungia wanafunzi wangu:

"Chausiku alifika dukani kabla ya jua kuchomoza. Akafungua kufuli, akawasha taa, kisha akakaa akiutazama mlango. Mteja wa kwanza alipouliza bei ya sukari, alimjibu kwa neno moja tu. Saa tatu asubuhi simu ililia. Aliitazama, akaigeuza kifudifudi juu ya meza, akaanza kupanga upya sabuni zilizokuwa zimepangwa tayari. Jioni alipotoka kufunga duka, alimkuta mwanawe amesimama nje na mfuko wa safari. 'Nilikupigia saa tatu, hukushika,' kijana akasema. Chausiku akamwambia, 'Ingia ule.'"

Swali la kwanza: Chausiku alifanya nini simu ilipolia? (alama 2). Hili ni swali la wazi. Mtu anaweza kuweka kidole juu ya mstari na kusema, jibu ni hili hapa. Hata hivyo, kulipata jibu ni nusu ya kazi tu. Wapo wanaonakili: "Aliitazama, akaigeuza kifudifudi." Aliitazama nini? Ndani ya kifungu, kile kiambishi "i" kimeshikamana na simu iliyotajwa sentensi moja nyuma. Kikihamishiwa kwenye karatasi ya majibu peke yake, kinabaki yatima. Mtahiniwa makini huandika: "Chausiku aliitazama simu kisha akaigeuza kifudifudi juu ya meza bila kuijibu." Jibu linasimama lenyewe, na msomaji asiyekiona kifungu angelielewa. Vilevile, alama 2 zinadai hoja mbili, naye amezitoa mbili. Akinakili mpaka kwenye sabuni kwa kuhofia kuacha kitu, anamwachia msahihishaji kazi ya kuchagua, na kuchagua ndiko kulikokuwa kunapimwa.

Swali la pili: Nani alimpigia Chausiku simu saa tatu? Hapa ile kanuni ya neno la mwanzo inavunjika. Swali limeanza na "nani", lakini tembeza kidole kwenye mstari unaotaja simu ikilia: hakuna jina. Jibu linapatikana kwa kuunganisha sehemu mbili, simu ya asubuhi na maneno ya kijana jioni. Umbali ni mfupi, mtoto wa darasa la saba anauruka, ila ni kudokezwa huko, si kuambiwa. Na kinyume chake pia hutokea. Laiti kifungu kingesema, "Hakushika simu kwa kuwa alikuwa amemkasirikia mwanawe", swali la "kwa nini hakushika simu" lingekuwa la wazi, hata likivaa vazi la "kwa nini".

Kwa hiyo mimi huwaambia wanafunzi waache kulikodolea macho swali, wautazame mwendo ulio kati ya swali na kifungu. Hatua moja, swali la wazi. Sehemu mbili au zaidi zinazohitaji kuungwa, swali la kudokezwa. Mwendo ukitoka nje ya kifungu kwenda kutafuta kipimo cha jema na baya, cha kufaa na kutofaa, hilo ni swali la tathmini.

Maswali ya kudokezwa ndiyo yenye utamu, na ndiyo yenye mitego. Swali la tatu: Thibitisha kwamba Chausiku hakuwa na utulivu siku hiyo. (alama 2). Neno "thibitisha" limekwisha kumpa mtahiniwa hitimisho. Kinachotakiwa ni ushahidi. Anayejibu "alikuwa na wasiwasi mwingi moyoni" amelirudisha swali kwa mwenyewe. Ushahidi upo: alimjibu mteja kwa neno moja, akapanga upya sabuni zilizokwisha kupangwa. Jibu zuri hutaja tendo, kisha husema tendo hilo linaonyesha nini.

Je, udokezi una mpaka? Unao. Mwanafunzi akiandika kwamba Chausiku alikuwa na kinyongo na mwanawe, nitampa alama akitaja ile simu iliyogeuzwa. Akiandika kwamba kijana aliiba pesa za duka akatoroka, sitampa, hata kama hadithi yake ni tamu kuliko yangu. Mimi hupima hivi: je, nikimwonyesha mtu mwingine mistari ile ile, atafika hapo bila kuongezewa habari? Kinyongo, atakifikia. Wizi, itabidi aubuni.

Msichana mmoja aliwahi kunipa jibu ambalo halikuwa kwenye mwongozo wangu wa usahihishaji. Aliandika kwamba Chausiku alikuwa akimsubiri mwanawe, kwa sababu alikaa akiutazama mlango tangu alfajiri. Mtu anayekataa simu ya mwanawe huku macho yake yakiwa mlangoni! Nilikuwa nimeuweka ule mlango kama pambo tu. Mistari ilimuunga mkono, basi nikaliongeza jibu lake kwenye mwongozo, na waliotangulia kulitoa wakasahihishwa upya. Mwongozo usiokubali kuongezwa hivyo humwadhibu anayesoma vizuri kuliko mtungaji.

Swali la nne: Je, Chausiku alifanya vyema kumpokea mwanawe kwa maneno "Ingia ule"? Toa sababu mbili. (alama 2). Hapa watahiniwa huteleza kwa namna mbili. Wa kwanza hudhani kuna upande mmoja sahihi, akapoteza dakika akikisia mtahini anapenda upi. Ndiyo inakubalika, hapana inakubalika. Alama ziko kwenye sababu. Wa pili hufunga kifungu na kuanza kuhubiri: mama ni mama, watoto ni baraka, tuwapende. Mahubiri hayo yangefaa kifungu chochote, kwa hiyo hayajajibu swali la kifungu hiki.

Sababu ya tathmini husimama kwa miguu miwili, tendo lililo kifunguni na kipimo kinachotajwa waziwazi. Mfano: "Alifanya vyema, kwani kijana alikuwa ametoka safarini, na ni ungwana kumlisha msafiri kabla ya kumhoji." Au kwa upande wa pili: "Hakufanya vyema, kwa sababu kijana alimweleza kwamba alipiga simu naye hakumjibu hoja hiyo, na jambo lisilozungumzwa hubaki likiwatenga." Tendo lipo, kipimo kipo, na mtahini asiyekubaliana na kipimo chako bado anaona umefikaje hapo.

Ukiondoa tendo, unabaki na hotuba. Ukiondoa kipimo, umelijibu swali la wazi ambalo hukuulizwa: "Hakufanya vyema kwa sababu alimwambia aingie ale." Jibu la namna hii hukutana nalo kila ninaposahihisha, limeandikwa kwa mwandiko safi na sarufi isiyo na doa, na sifuri yake huniuma kuliko zote.