Jawabu Zima mbele ya Watahini

Mara kwa mara, hapa Lanet, huja barazani kwangu wanafunzi wa uzamili na uzamivu, aghalabu kutoka Egerton kule Njoro, wenye tasnifu juu ya vyama vya wafanyakazi, nao huniomba niwahoji kwa ukali kama watakavyohojiwa siku ya utetezi; na kwa kuwa nimesikiliza majawabu mengi, mabivu na mabichi, nimezoea kuyapima kama mnunuzi wa mahindi anayetia mkono ndani ya gunia, asitosheke na punje za juu.

Tuchukulie mwanafunzi aliyetafiti kazi za chama cha KPAWU, ambacho makao yake yamo Nakuru mjini, katika shamba moja la maua huko Naivasha. Alipewa orodha ya makato yenye wanachama 1,200, akatumia fomula ya Yamane kwa kosa la asilimia 5, akapata watu 300, akawahoji, na wengi wakamwambia kwamba chama kinawatetea. Mtahini asiye na huruma atamwambia: “Wewe umekwenda msikitini kuwauliza waumini kama wanaswali.”

Jawabu bichi hukimbilia fomula. Lakini fomula ile hueleza idadi tu, watu wangapi wahojiwe. Haielezi ni nani waliokuwa nje ya orodha tangu mwanzo, na hilo ndilo linaloulizwa. Orodha ya makato, kwa mujibu wa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, ni ya wale waliotia saini kuridhia ada ikatwe katika mshahara. Basi aliyekataa kutia saini hamo, aliyejitoa hamo, na kibarua aliyeajiriwa kwa majuma machache ya pirikapirika kabla ya Siku ya Wapendanao aghalabu hamo pia. Hata angaliwahoji wote 1,200, upungufu huo ungalibaki vilevile.

Sasa lisikilize jawabu zima: “Nakubali, Profesa. Orodha ile ni ya walioridhia makato, na nadhani imekipendelea chama, kwani asiyeridhika ndiye mwepesi wa kujitoa. Kwa sababu hiyo niliwatafuta vibarua 20 walio nje ya orodha, na maneno yao, ambayo hayakukisifu chama, yamo katika sura ya nne. Ninachodai ni kwamba wanachama wanaona wanatetewa; sidai hivyo kwa wafanyakazi wote wa shamba.” Alama ninayoitafuta kabla ya nyingine zote ni lile neno “imekipendelea”, kwa maana kukiri kasoro ni jambo ambalo kila mwanafunzi aliyeonywa huliweza, ilhali kutambua kasoro hiyo imeyavuta matokeo upande gani ni kazi ya aliyeijua data yake. Na ikiwa hakuwahoji vibarua, asiwabuni. Aseme hakuwahoji, kisha apunguze dai lake kwa kadiri hiyohiyo.

Liko swali la pili, lenye mtego zaidi, ambalo huwaangusha hata walio hodari wa hesabu. Mwanafunzi hulinganisha mishahara ya wanachama na ya wasio wanachama katika shamba lilelile, asione tofauti, akahitimisha kwamba chama hakina faida. Mtahini humwacha amalize, ndipo amuulize mkataba wa pamoja unamhusu nani. Sheria ileile yasema kwamba mkataba huo humfunga mwajiri kwa wafanyakazi wake wote wanaostahiki kuwakilishwa na chama, wawe wanachama au wasiwe. Na ndiyo sababu asiye mwanachama aweza kukatwa ada ya uwakala kwa manufaa anayoyapata. Basi usawa wa mishahara ndani ya shamba huenda ukawa ni athari yenyewe ya chama. Mlinganisho wa haki ungekuwa baina ya shamba lenye mkataba na lisilo nao. Na hapo pia jawabu zima hutanguliza hadhari, kwamba huenda shamba lenye faida kubwa lilikuwa likilipa vizuri kabla chama hakijabisha hodi, kwa hiyo mishahara ya kabla na baada ya mkataba haina budi kutazamwa.

Mimi hukatiza jawabu lolote linalopita dakika mbili, kwani mara nyingi urefu ni dalili ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Humkatiza pia anayeanza kwa kumlaumu meneja aliyemnyima data: kunyimwa ni sehemu ya habari za utafiti, na mahali pake ni katika sura ya mbinu, kukiandikwa kwa utulivu.

Ikiwa umebakiwa na usiku mmoja tu, ndugu msomaji, ifungue sura yako ya mwisho, ukapigie mstari kila mahali ulipoandika “wafanyakazi” ilhali uliowahoji ni “wanachama”. Mtahini ataanzia hapo.