Kiwanja cha Umwe Kina Thamani Gani?

Dalali wa Ikwiriri akikutajia kiwanja cha Umwe, hukutajia bei ya kitu kizima: milioni tano, hatua 35 kwa 35, gari linafika, karatasi zipo. Mnunuzi mgeni husikia bei moja. Anayejua kazi husikia madai manne, na halijibu hata moja mpaka ameshusha bei hiyo hadi kwenye mita moja ya mraba, kwa sababu viwanja viwili havilinganishwi kwa namna nyingine.

Kwa hiyo hatua kwanza. Vijijini ekari ni hatua 70 kwa 70, na hesabu hiyo si ya uongo. Mtu mrefu anayetanua hatua zake hufikia karibu sentimita 91, na mraba wa hatua 70 za namna hiyo hutoa kama mita za mraba 4,060. Ekari yenyewe ni 4,047. Ila watu wengi wakitembea kawaida hatua yao ni sentimita 75 hivi. Mtu huyo akihesabu 70 kwa 70 anakupimia mita za mraba 2,756, karibu theluthi ya ekari imebaki njiani, na hakuna aliyekudanganya kwa mdomo. Nenda na futi kamba. Pima pande zote nne, kisha pima kutoka pembe hadi pembe, kwani viwanja vingi visivyopimwa rasmi ni vipana mbele na vimebanwa nyuma, na ukizidisha urefu kwa upana wa mbele peke yake unalipia ardhi ya jirani.

Kiwanja chetu cha mfano, futi kamba inasema 26 kwa 27. Hizo ni mita za mraba 702. Kama kingekuwa robo ekari kama kilivyotajwa, mita moja ingekuwa chini kidogo ya shilingi 5,000. Sasa ni zaidi ya 7,100. Bei imepanda kabla hujafungua mdomo.

Barabara ndiyo inayowaponza hata wazoefu. Ikwiriri imekaa juu ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi, na tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, watu wakaachana na foleni ya pantoni pale Ndundu, kila mwenye ardhi kandokando ya lami anajua alichonacho. Lakini kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 60, yaani mita 30 kila upande kuanzia katikati. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 40 ambacho uso wake umeanza mita 10 tu kutoka katikati ya lami. Mita 20 za mbele ziko ndani ya hifadhi. Utauziwa mita za mraba 800 na utajenga kwenye 400, kwa hiyo bei ya mita ni mara mbili ya uliyodhani. Fremu za maduka za jirani zisikupe moyo: nyingine zina alama ya X ukutani. Mimi kiwanja cha mtaa wa pili, ambako gari linafika na hifadhi haifiki, nakipenda kuliko cha mbele.

Na hilo la gari kufika liulizwe vizuri. Linapita wapi? Likipita katikati ya mikorosho ya mtu, hiyo ni hisani, na siku mwenye shamba akizungushia uzio umebaki na kichochoro. Njia inayoongeza bei ni ile ambayo majirani wa pande zote wanaikubali, na ikiwezekana imetajwa kwenye maandishi yao pia.

Karatasi nazo hazilingani. Ya chini kabisa ni ya mauziano, iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti na mtendaji. Inashuhudia kwamba hela ilitoka mkono mmoja ikaenda mwingine, haishuhudii kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza. Kwenye ardhi ya kijiji, mnunuzi asiye mkazi anahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, wala sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Juu ya karatasi ya mauziano kuna hati ya haki miliki ya kimila, kisha kiwanja kilichopimwa chenye namba, kitalu na bikoni nne, na juu kabisa hati miliki ya miaka 33, 66 au 99. Hati hiyo haisomwi kwa macho tu: inafanyiwa upekuzi kwa msajili, ndipo mkopo wa benki au zuio hujitokeza.

Upungufu wa upimaji una bei, unaweza kuukata. Upungufu wa mtu hauna. Ardhi ya marehemu inayouzwa na mtoto mmoja bila msimamizi wa mirathi, au nyumba ya ndoa inayouzwa mke hajui, hata kwa nusu bei ni ghali. Uliza pia miti ni ya nani. Huku pwani shina la mnazi au mkorosho laweza kuwa na mwenyewe asiye mwenye ardhi.

Sasa mauzo ya jirani. Takwimu hizi ni za mfano, njia ndiyo ya kushika. Umeulizia ukapata manne. La kwanza, kiwanja kilichopimwa, gari linafika, 8,000 kwa mita. La pili, hakijapimwa, gari linafika, 5,500. La tatu, hakijapimwa na ni cha kichochoroni, 3,500. La nne ni 2,000, ila kaka alimuuzia mdogo wake. Hilo la nne liache, ni mambo ya nyumbani. La pili lichunguze: lililipwa kidogokidogo kwa miezi sita, na muuzaji mwenyewe anakiri kwamba kwa taslimu angekubali 5,000. Hiyo ndiyo bei yake ya kweli. Ukilinganisha la pili na la tatu, barabara inaongeza 1,500. La kwanza na la pili, upimaji unaongeza 3,000. Kiwanja chetu gari linafika na hakijapimwa, kwa hiyo 5,000 mara 702: shilingi 3,510,000. Zingatia ukubwa vilevile, maana eneo kubwa kwa kawaida hushuka bei ya mita.

Bei hizo usizitoe kwa dalali. Anakumbuka iliyotajwa, hakumbuki iliyolipwa. Mkataba nao mara nyingine umeandikwa pungufu ili ada zipungue. Muulize aliyenunua, halafu jirani aliyeshuhudia, uone kama wanakutana.

Kisha tarehe ya mauzo. Warufiji tangu zamani wamelima bondeni, wakajenga madungu ya kulindia mpunga, na baada ya mafuriko ya 1968 serikali ikawahamishia wengi kwenye miinuko. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoingia Rufiji na Kibiti yamegawa soko tena. Kiwanja cha mchanga chenye miembe mikubwa kinaweza kulinganishwa na mauzo ya 2022 kwa kuongeza kidogo. Chenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi, na matete pembeni, hakiwezi. Kwa hicho tafuta mauzo ya baada ya Aprili ile, na ukikosa hata moja, maana yake wanunuzi wa hapahapa wameshakipa bei yao.