Kipeperushi cha Mahindi na Maneno Yake Manne

Mwanafunzi asomaye vipeperushi vya kilimo vilivyoandikwa kwa Kiingereza aghalabu huwa na kamusi mkononi, na kamusi hiyo humpa neno moja kwa kila neno. Lakini maneno ya kilimo si majina ya vitu tu, bali kila moja limebeba ndani yake muda, mahali na kipimo, na msomaji asiyevitambua hivyo huweza kuifahamu sentensi nzima kisha akaenda shambani akatenda kinyume cha alivyoagizwa. Ili jambo hili lidhihirike, natwaa maagizo ya kawaida ya mahindi, ambayo yakikusanywa pamoja husema hivi: panda baada ya 'fallow' ya mwaka mmoja, ng'oa kila 'seedling' ya ziada, weka 'mulch', kisha utarajie 'yield' ya tani 2.5 kwa hekta.

Neno la kwanza lina maana ya shamba kupumzishwa, yaani kuachwa bila ya kupandwa zao kwa muda uliokusudiwa. Lakini pumziko ni la namna tatu, na kipeperushi aghalabu hakisemi ni ipi, kwa hiyo msomaji hana budi kuitafuta katika maneno yaliyo jirani. Namna ya kwanza ni ile ya wazee wetu, ya kuliacha shamba lirudiwe na magugu na vichaka mpaka rutuba yake irejee, na hiyo hutaka miaka mingi. Namna ya pili hutajwa sana katika maandishi ya ngano yatokayo nchi kavu, kama nyanda kuu za Amerika, ambako shamba hulimwa na kuwekwa tupu, lisiote hata jani, ili mvua ya msimu mmoja ihifadhiwe udongoni kwa faida ya zao la msimu ufuatao. Haja yake ni maji wala si rutuba, na madhara yake ni kwamba udongo usio na kifuniko huchukuliwa na upepo. Namna ya tatu ni kupanda katika shamba lililopumzika mimea ya jamii ya kunde, kama utupa, ule ambao wavuvi waliutumia kulevya samaki. Mizizi ya mimea hiyo ina vinundu vyenye bakteria wanaotwaa naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Kisha mimea hiyo hukatwa, na majani yake kufukiwa. Njia hii ilienezwa katika miaka ya 1990 magharibi ya Kenya na mashariki ya Zambia, na ndiyo inayolifanya pumziko la mwaka 1 au 2 liwe na maana. Basi kipeperushi chetu kinapotaja mwaka 1 tu katika zao la mahindi, muda huo wenyewe ni dalili kwamba si pumziko la wazee linalokusudiwa. Na mkulima atakayeliacha shamba lake liote majani kwa mwaka huo mmoja atapata magugu mengi na rutuba haba.

Neno la pili kamusi hulifasiri kuwa mche, na tafsiri hiyo ni sahihi katika nyanya, kabichi na mikahawa, ambayo husiwa kitaluni, hukaa huko kwa majuma kadhaa, kisha huhamishiwa shambani. Katika mahindi hakuna kitalu. Mbegu hupandwa pale pale itakapokomaa, na neno lile lile hutumika kwa mmea mchanga uliochipuka hivi karibuni. Kwa hiyo agizo la kung'oa mimea ya ziada halina maana ya kupeleka miche mahali pengine: maana yake ni kwamba katika shimo lililotiwa mbegu 2 kwa tahadhari ya ile isiyoota, mmea ulio dhaifu ung'olewe uachwe ulio imara, majuma 2 au 3 baada ya kuota, udongo ukiwa na unyevu ili mizizi ya unaobaki isijeruhiwe. Nafasi ikiwa sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo, mmea mmoja kwa kila shimo huleta mimea 44,444 katika hekta, na juu ya idadi hiyo ndipo hesabu ya mavuno ilipojengwa.

Neno la tatu ni matandazo: nyasi, majani au mabua yanayofunika uso wa udongo ili jua lisiukaushe, matone ya mvua yasiupige na magugu yasipate mwanga. Shuruti yake iko katika neno uso. Mabua makavu yakitandazwa juu, huoza polepole na hayaudhuru mmea. Lakini yakichanganywa na udongo kwa jembe karibu na wakati wa kupanda, vijidudu vinavyoyaozesha, kwa kuwa mabua yenyewe yana naitrojeni kidogo mno, huinyang'anya ile iliyomo udongoni, na mahindi hushinda na njaa mpaka vijidudu hivyo vife na kuirudisha. Dalili yake hutambulikana kwa macho: majani ya chini huanza kugeuka manjano katika ncha, na manjano hayo huteremka kwa kufuata mshipa wa kati, hali kingo zingali kijani. Aonaye hivyo baada ya kufukia mabua asidhani kwamba matandazo ni mabaya. Alichofanya hakikuwa matandazo. Unene wa kiasi cha sentimita 5 hutosha, shina likiachiwa nafasi pande zote, nazo nyasi ziwe zimekatwa kabla ya kutoa mbegu, la sivyo mkulima atakuwa ameyapanda magugu kwa mkono wake.

Neno la nne ni mavuno, nalo ndilo lenye hadaa kuliko yote, kwa sababu katika mazungumzo yetu mavuno ni chungu ya mahindi iliyopo uani, ilhali katika kipeperushi ni uwiano wa uzito na eneo. Hekta 1 ni ekari 2.47, basi tani 2.5 kwa hekta ni kilo 1,012 hivi kwa ekari, yaani magunia 10 ya kilo 100, au 11 na ziada kidogo kwa gunia la kilo 90. Hesabu hiyo ni ya punje zilizopukuchuliwa na kukauka mpaka unyevu wa asilimia 13 hivi. Mkulima akipima kilo 1,000 za punje zenye unyevu wa asilimia 20, ana kilo 800 za nafaka halisi, na zikikauka kufikia ile asilimia 13 atabakiwa na kilo 920 hivi. Asiye na chombo cha kupimia hutia punje pamoja na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, akaitikisa kwa dakika chache: chumvi ikigandamana na kioo, nafaka ingali mbichi, imepita asilimia 15.

Kwa hiyo, sentensi ile fupi ikifasiriwa kwa ukamilifu, itasomeka hivi: panda mahindi katika shamba lililopumzishwa mwaka mmoja chini ya mimea ya jamii ya kunde, yakishaota, acha mmea mmoja ulio imara kwa kila shimo, funika uso wa udongo kwa nyasi bila ya kuzifukia, na ukitimiza hayo, na mvua ikaja kwa kadiri, tarajia magunia 10 ya punje kavu kwa kila ekari.