Baba Alishamaliza, Kwa Nini Akubali Kurudia?

Video ya baba yule wa Kariakoo imeshazunguka kwenye simu zenu, kwa hiyo sitaisimulia yote. Hotuba yake kwenye harusi ya binti yake ilikuwa fupi, yenye upendo, na iliharibiwa na jambo moja: mshereheshaji alimwambia "Baba, rudia," naye akarudia. Hakupaswa kurudia. Nimeitazama sehemu ile tena na tena nikitafuta sababu ya kumtetea, sikuipata.

Yaliyo mazuri nayataja kwa ufupi kwa sababu yanajieleza. Itifaki aliimaliza kwa sentensi moja, hakuwataja wanakamati mmoja mmoja, hakushika karatasi, na binti yake alimwita "mama" kama anavyomwita nyumbani.

Sasa tuje kwenye kisa alichokisimulia, cha utotoni mwa binti yake. Binti yuko darasa la pili, amekaa dukani Mtaa wa Uhuru, na baba anataka kwenda kuswali adhuhuri. Anamwachia maagizo: doti ya khanga ni elfu nne, mteja akilalamika mara mbili mpe kwa elfu tatu. Baba anatoka. Anaingia mama mmoja, anaichambua khanga, anauliza bei. Mtoto anamjibu: "Baba amesema ni elfu nne, ukilalamika mara mbili nikupe kwa elfu tatu. Haya, lalamika."

Aliyewahi kununua khanga Kariakoo hahitaji kufafanuliwa. Na baba alikitamka kisa vizuri mno. Alipofika kwenye "Haya, lalamika" alishusha sauti badala ya kuipandisha, kisha akafunga mdomo. Kicheko kikaanzia meza ya wazazi, bibi harusi akajifunika uso kwa viganja viwili, mama yake akajifuta macho kwa pindo la mtandio.

Hapo mtazameni baba mwenyewe, msimtazame bibi harusi. Kicheko hakijaisha, naye tayari ameshageuza mwili mzima kuelekea kwa bwana harusi. Kipaza sauti kimerudi kidevuni. Anasema: "Sasa wewe, mkwe wangu..." Mtu hageuki namna ile bila kuwa na sentensi mkononi. Alikuwa anajua anakokwenda. Kisa cha dukani kilikuwa njia, na mwisho wa njia alikuwa yule kijana aliyekaa pembeni ya binti yake.

Ndipo sauti ikatoka kwenye kipaza sauti cha pili: "Baba, baba, samahani baba! Huku nyuma hawajasikia. Rudia hapo!" Baba akasita. Mkono ukashuka. Akarudi kuwatazama wageni, akaanza upya.

Nitamtendea haki mshereheshaji kwa kukubali kwamba alichokiona kilikuwa kweli. Meza za nyuma hazikusikia, na sababu yake inasikika kwenye video. Dijei aliacha kinanda kikipiga chini chini tangu baba aliposimama, na spika zilielekezwa kwenye uwanja wa kuchezea muziki, si kwenye meza za mlangoni. Zaidi ya hapo, baba alipotaja tu duka, akina mama wa meza ya pili walipiga vigelegele, na vigelegele hivyo viliangukia juu ya maagizo yenyewe, pale kwenye "akilalamika mara mbili". Hayo maneno ndiyo yanayobeba kisa. Aliyeyakosa alisikia mtoto akimwambia mteja "lalamika" bila kujua kwa nini, na hapo hakuna cha kuchekesha. Kwa hiyo watu wa nyuma hawakuwa wazito wa kuelewa. Walinyimwa nusu ya habari.

Lakini dawa aliyoitoa mshereheshaji haiponyi ugonjwa huo. Kinanda kiliendelea kupiga wakati wa marudio, na spika zilibaki zilipokuwa. Tena baba, kama angefanya yeyote anayerudia kitu kwa kuona haya, alikifupisha: "Nilimwacha dukani, akaja mteja, akamwambia haya lalamika." Maagizo ya kulalamika mara mbili hayamo kabisa! Kwa hiyo watu wa nyuma walipewa kisa chenye pengo lilelile, na watu wa mbele walipewa kisa wanachokijua. Wa kwanza hawakuelewa, wa pili hawakushtuka.

Dalili ziko wazi kwa anayetazama. Mara ya kwanza kicheko kilijitokea chenyewe, kikapanda na kushuka kwa wakati wake. Mara ya pili kulikuwa na kimya kifupi, kisha mshereheshaji akaagiza "makofi ya kilo!", watu wakapiga makofi. Makofi ya kuagizwa baada ya utani ni ushahidi kwamba utani haukufika. Bibi harusi, aliyekuwa amejifunika uso, safari hii alikuwa anarekebisha shela huku akimsikiliza mpambe wake. Baba akatafuta ile sentensi ya mkwe, hakuipata. Akasema, "Basi, mtunzane," akakaa. "Mtunzane" ni neno zuri, ila kila baba hulisema. Lile alilokuwa nalo lilikuwa lake peke yake, na hatutalisikia.

Angefanya nini? Angeendelea tu. Anayetaka kuwafikia watu wa nyuma harudii kisa. Anakipitisha kile kilichopotea ndani ya sentensi inayofuata. Hebu fikiria angesema hivi: "Sasa wewe, mkwe wangu, huyu nilimwagiza asubiri walalamike mara mbili ndipo apunguze, akatoboa siri kabla ya mara ya kwanza. Ukitaka kujua lolote la nyumbani kwako, muulize yeye, hatakuficha." Hapo aliye mlangoni anapata maagizo aliyoyakosa, anaunganisha mwenyewe na "lalamika" aliyoisikia, na anacheka kwa kuchelewa kidogo. Aliye mbele anapata jambo jipya, kwamba ule ukweli wa mtoto wa darasa la pili ndio baba anaoukabidhi leo. Bwana harusi ameguswa, binti amesifiwa bila kupambwa, na yote yamechukua pumzi mbili.

Wengi mmeuliza kwa nini baba mwenye umri ule, mfanyabiashara aliyezoea kusema hapana kutwa nzima, alishindwa kumkatalia kijana mwenye kipaza sauti. Jibu liko kwenye aina ya shughuli, na hapa narudia hoja ambayo wasomaji wangu wa zamani wanaijua. Ile haikuwa sendofu. Sendofu ni shughuli ya upande wa binti: baba ndiye mwenyeji, kamati ni yake, mshereheshaji ameajiriwa na watu wake, na neno la baba ndilo kilele cha usiku. Harusi ya ukumbini kwa kawaida ni ya upande wa mume. Kamati ni yao, ratiba ni yao, mshereheshaji ni wao. Baba wa bibi harusi anasimama pale kama mgeni, na mgeni mwenye adabu akiombwa na mwenyeji hafanyi ubishi. Angekuwa kwenye sendofu angemnyooshea kijana kiganja na kuendelea. Ndiyo maana nasema siku zote kwamba hotuba ya sendofu haifai kubebwa ilivyo na kupelekwa harusini. Msemaji ni yuleyule, lakini mamlaka yake ukumbini yamebadilika, na lazima ajipange kwa hilo kabla hajainuka.

Yuko aliyeniambia kwamba hata kwenye ndoa kauli hurudiwa. Ni kweli. Mchana, walii anapomwozesha binti yake na shekhe akaona mashahidi wawili hawakusikia vizuri, ataomba kauli irudiwe, na ni haki yake, kwa sababu pale kinachotakiwa ni uthibitisho. Mashahidi wanahitaji kuyajua maneno, na maneno yakijulikana mapema hayapungui nguvu. Kisa cha kuchekesha kinaishi kwa msikilizaji kutojua kinachokuja. Baba yule mchana alisema sentensi yake kama walii na ikatosha. Jioni alikuwa na kazi nyingine kabisa, na mshereheshaji akaichanganya na ile ya mchana.

Urefu wa hotuba sina ugomvi nao, na hapa napingana na wanaolalamika kwamba baba hakutoa nasaha. Nasaha ndefu zina mahali pake. Shaaban Robert alipotaka kumuusia binti yake Mwanjaa alimwandikia Utenzi wa Hati, kitu cha kusomwa kwa utulivu na kurudiwa miaka yote ya ndoa. Ukumbini, wapishi wamesimama na masufuria ya pilau na watoto wanasinzia mapajani. Baba aliyefanya hesabu ya hayo akachagua kumbukumbu moja tu alichagua sawasawa.

Ila tuwakumbuke waliojua kulinda kicheko. Tazameni rekodi za Mwalimu Nyerere za mwaka 1995, hasa ile ya Mei Mosi kule Mbeya. Anapowachekesha watu anawaacha wacheke, wakati mwingine anacheka nao, na kimya kinaporudi anachukua hatua inayofuata. Hakuna anayethubutu kumwingilia hapo katikati. Na wazee wa Kariakoo waliosimama kwenye harusi za Ukumbi wa Arnautoglo pale Mnazi Mmoja walikuwa na faida ambayo kamati za leo zimeitupa: kipaza sauti kimoja, kwenye mguu wake, mbele ya bendi. Aliyekishika ndiye aliyekuwa na ukumbi. Mshereheshaji aliyetaka kusema alilazimika kutembea mpaka pale, na mpaka afike mzee ameshamaliza sentensi yake.

Siku hizi mshereheshaji hutembea na chake mkononi tangu maharusi wanapoingia mpaka keki inapokwisha, na hakuna anayekizima. Anaitikia, anatafsiri, anamalizia sentensi za wazazi. Nimeshaandika juu ya hili na nitaendelea, maana halihitaji fedha wala ukumbi mkubwa. Neno la wazazi linapoanza, dijei ashushe kinanda mpaka kisisikike, na mstari wa kipaza sauti cha mshereheshaji ushushwe mpaka chini kwenye mikisa. Mwanakamati mmoja asimame meza za mlangoni wakati wa salamu, kabla ya kisa, ainue mkono kama hakusikiki, ili sauti irekebishwe mapema. Wazazi wote wawili wakishakaa, mstari upandishwe tena, na mshereheshaji aendelee na ratiba yake.