Fundi Anayejilaza Juu ya Tundu

Mama anayepuliza kuni jikoni kwake Ganda, nje kidogo ya Malindi, huvuta hewa na moshi kwa pamoja. Vyote viwili huishia kwenye vifuko vya mapafu, ambavyo kwa mtu mzima ni takriban milioni 480. Kuta za vifuko hivyo zimefunikwa na seli za aina mbili zisizofanana hata kidogo.

Seli ya aina ya kwanza ni bapa, imejitandaza. Seli hizi hufunika kama asilimia 95 ya eneo lote, na mahali pengi unene wake haufiki hata nusu ya elfu moja ya milimita. Wembamba huo ndio kazi yenyewe. Oksijeni haibebwi na mtu. Hupenya tu kutoka iliko nyingi kwenda kwenye damu iliko kidogo, na kifuko kikijaa maji, kama katika nimonia, inachelewa. Lakini wembamba una gharama: seli hii huumia upesi, tena haiwezi kugawanyika ikazaa nyingine.

Mimi navutiwa zaidi na aina ya pili. Ni nene, fupi, imejibanza kwenye pembe za kifuko. Kwa idadi zinazidi zile bapa, ila eneo zinalofunika ni dogo. Humo ndani hutengenezwa sufaktanti, mafuta yanayotandazwa juu ya maji ya kifuko ili kisijifinye pumzi inapotoka. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 huwa hana ya kutosha: kifua kinabonyea, pua zinatanuka, na kila pumzi anaitoa kwa kuguna. Ndiyo sababu mama anayekaribia kujifungua mapema hudungwa deksamethasoni, ikomaze seli hizo tumboni. Utafiti uliochapishwa 2020, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki, ulikuta vifo vya watoto wachanga asilimia 19.6 kwa ambao mama zao walipewa dawa, dhidi ya 23.5 kwa ambao mama zao hawakupewa.

Kazi ya pili ya seli hiyo ilionekana vizuri miaka ya 1970, panya walipovutishwa naitrojeni dayoksaidi, gesi iliyomo pia katika moshi wa kuni, ingawa wao walipewa kwa wingi. Seli bapa zilikufa. Katika siku moja au mbili, zile nene zilianza kugawanyika, kisha baadhi ya watoto wao wakajinyoosha, wakaacha kutengeneza mafuta, wakawa seli bapa. Ni kama fundi wa makuti ambaye, akikuta paa limetoboka, hatafuti kuti jingine: hujilaza mwenyewe juu ya tundu.

Ufundi huu unahitaji utando wa chini uwe mzima. Ukichanika, au majeraha yakirudiarudia, seli hukwama njiani, si nene tena wala si bapa, na makovu hujaa mahali pake. Mgonjwa mwenye makovu hayo huanza kwa kikohozi kikavu na kuhema akipanda mlima mdogo. Daktari akiweka kipimo mgongoni, kwenye sehemu ya chini ya mapafu, husikia mlio mkavu wa kupasukapasuka kila hewa inapoingia.